Karo ya Agosti na Saa za Minneapolis: Jinsi ya Kupanga Vikumbusho na Jamaa Walio Ng'ambo

Leo tunaongea na familia za Kericho na Bomet ambazo zina mtu nje: kijana yuko Minnesota, dada yuko Doha, ama shangazi yuko Uingereza. Pesa ya karo inatoka kwake, anayepanga ni yeye na mama, lakini shule iko huku. Halafu siku ya kufungua inafika, mtoto yuko kwa lango la shule na sanduku lake, mhasibu anasema hajaona kitu. Ukimpigia kijana, anajibu kwa usingizi, "Mama, si ni kesho?"

Na kwa kweli hadanganyi. Kwake bado ni kesho.

Hiyo ndiyo shida tunayotaka kuitatua hapa. Watu wengi wanaweka kikumbusho kimoja kwa simu, wanaandika "karo", wanachagua tarehe, wanasahau. Ndani ya nchi hiyo inatosha. Lakini pesa ikivuka bahari, tarehe moja huanza na kuisha kwa saa tofauti kila upande. Kanuni yetu ni rahisi: siku ya mwisho huhesabiwa kwa saa za shule, lakini kila kikumbusho hulia kwa saa za mtu atakayefanya hiyo kazi.

Kwa nini Agosti ndio mwezi mgumu

Kwanza tuangalie mfuko wa mkulima mdogo wa chai. Kila mwezi analipwa kidogo kwa kilo za majani mabichi alizopeleka kituoni. Pesa kubwa, ile bonasi, huja mara moja kwa mwaka. Mwaka wa hesabu wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA hufungwa tarehe 30 Juni, na bonasi kwa kawaida hufika kwa mkulima karibu na Oktoba.

Sasa linganisha na kalenda ya shule. Mwaka huu wa 2026 muhula wa tatu unafunguliwa Jumatatu tarehe 24 Agosti na kufungwa tarehe 23 Oktoba. Yaani muhula unaanza wiki kadhaa kabla ya bonasi, na unaweza kukaribia kuisha ndipo bonasi iingie. Hilo pengo la Agosti ndilo jamaa aliye nje huombwa alizibe. Kwa mtoto wa kidato cha nne kuna jambo zaidi. Muhula wenyewe ni wiki tisa tu, na mtihani wa KCSE uko mbele yake. Akirudishwa nyumbani siku tatu kwa sababu ya karo, hizo siku hazirudi.

Tuchukue mfano mmoja

Mama anaishi karibu na Litein na ana ekari moja ya chai. Binti yake yuko kidato cha nne katika shule ya bweni. Kaka yake huyo binti anafanya kazi Minneapolis, zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Anaingia saa tano usiku na kutoka saa moja asubuhi, kwa saa za huko.

Tuseme shule inatoza shilingi 40,535 kwa mwaka. Mgao uliozoeleka ni asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Kwa hivyo muhula wa tatu ni shilingi 8,107. Muhula wa pili kulibaki deni la 6,000. Jumla inayotakikana ni shilingi 14,107, na kaka amekubali kuilipa yote.

Hapa familia nyingi huachia hapo: "Sawa, nitatuma kabla wafungue." Sisi tuendelee.

Hatua ya kwanza: jua tofauti ya saa, na jua kwamba hubadilika

Kenya haibadilishi saa. Januari mpaka Desemba tuko saa tatu mbele ya saa za kimataifa. Marekani wao husogeza saa zao mbele mwezi wa Machi na kuzirudisha Novemba. Kwa hivyo mwezi wa Agosti, Kericho iko mbele ya Minneapolis kwa masaa 8. Kuanzia Jumapili tarehe 1 Novemba 2026 itakuwa masaa 9.

Uingereza pia hubadilisha, lakini siku tofauti. Sasa hivi tuko mbele yao kwa masaa 2, na kuanzia tarehe 25 Oktoba 2026 itakuwa masaa 3. Ukiwa na jamaa London na mwingine Minneapolis, kuna wiki moja hapo katikati ambapo mmoja ameshabadilisha saa na mwenzake bado.

Hii inaumiza wapi? Kwa simu za kawaida za nyumbani. Mama amezoea kumpigia kijana saa tisa alasiri, kwa sababu huko ni saa moja asubuhi na anatoka kazini. Ikifika Januari, wakati wa karo kubwa ya muhula wa kwanza, saa tisa ya Litein ni saa kumi na mbili asubuhi ya Minneapolis. Kijana bado yuko zamu na simu iko kwa loka. Mama anapiga mara tatu, hapokelewi, anafikiri anaepukwa. Kumbe ni saa tu zimesogea.

Hatua ya pili: weka siku ya mwisho kwa saa za Kericho

Watoto wanafika shuleni Jumatatu tarehe 24 Agosti, tuseme saa mbili asubuhi. Wakati huo Minneapolis ni saa sita usiku kamili. Jumapili inaisha dakika hiyo hiyo. Kijana akiwa ameweka kikumbusho cha "Jumatatu tarehe 24", kitalia lini? Kama alichagua tukio la siku nzima, lile linaloandikwa `All-day` kwenye kalenda ya simu, mara nyingi hulia asubuhi kwa saa za pale simu ilipo. Saa tatu asubuhi ya Minneapolis ni saa kumi na moja jioni ya Litein. Ofisi ya mhasibu imefungwa na mtoto amesharudi nyumbani.

Kwa hivyo usitumie tukio la siku nzima kwa pesa inayovuka nchi. Weka saa. Na usiweke siku ya kufungua yenyewe kuwa siku ya mwisho. Weka siku ya kazi iliyo kabla yake. Kwa mfano wetu, siku ya mwisho ni Ijumaa tarehe 21 Agosti, saa sita mchana Litein. Kwa nini siku hiyo? Kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha malipo kwa simu yako haumaanishi kwamba mhasibu ameshaona jina la mtoto. Ukikosea nambari ya usajili ya mwanafunzi pale unapojaza `Account number`, pesa inafika shule lakini haijulikani ni ya nani. Ijumaa mchana bado unaweza kupiga simu ofisini na jambo likarekebishwa. Jumatatu asubuhi utakuwa kwa foleni na wazazi wengine.

Hatua ya tatu: tafuta mshahara gani utakaolipa

Hii ndiyo hatua inayosahaulika sana. Watu wengi Marekani hulipwa kila baada ya wiki mbili, mara nyingi Ijumaa. Hawalipwi mwisho wa mwezi kama tulivyozoea huku. Tuseme kijana wetu atalipwa Ijumaa tarehe 7 Agosti na Ijumaa tarehe 21 Agosti.

Ukiangalia haraka, tarehe 21 inaonekana sawa, si ni kabla ya kufungua? Hesabu tena. Kijana anatoka zamu saa moja asubuhi siku ya Ijumaa, anaangalia akaunti, mshahara umeingia. Huku Litein tayari ni saa tisa alasiri. Siku yetu ya mwisho imepita masaa matatu. Akitumia kadi ya benki pesa inaweza kufika kwa dakika chache, na mama anaweza kulipa jioni hiyo. Lakini hakuna nafasi ya kosa hata moja. Na kama anatuma kwa kukatwa moja kwa moja kutoka akaunti ya benki, njia ambayo mara nyingi ada yake ni nafuu, huchukua siku kadhaa za kazi. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Hiyo pesa itafika wiki ambayo shule imeshafungua.

Jibu basi ni kwamba karo ya tarehe 24 inalipwa na mshahara wa tarehe 7. Mkijua hilo mapema, kijana hatumii hiyo pesa kwa kitu kingine akisubiri mshahara wa pili.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimwekee kikumbusho cha "kila tarehe 5 ya mwezi". Mshahara wa wiki mbili husogea kwa kalenda. Mwezi huu ni tarehe 7 na 21, mwezi ujao utaangukia tarehe 4 na 18. Mwambie aweke kikumbusho kinachojirudia kila wiki mbili kuanzia siku yake ya mshahara.

Hatua ya nne: vikumbusho vitatu, kila kimoja na mwenyewe

Sasa tunapanga. Badala ya kikumbusho kimoja kinachosema "karo", tunaweka vitatu.

1. Tenga. Ijumaa tarehe 7 Agosti, saa mbili asubuhi Minneapolis. Ni ya kijana. Ameshatoka zamu, mshahara umeingia, anaweka kando pesa ya kutosha shilingi 14,107 pamoja na ada ya kutuma.

2. Tuma. Jumatano tarehe 12 Agosti, saa mbili asubuhi Minneapolis, ambayo ni saa kumi jioni Litein. Pia ni ya kijana. Kutoka hapo mpaka Jumatano inayofuata, tarehe 19, kuna siku tano za kazi. Hata njia ya polepole ya benki ina muda wa kufika.

3. Hakikisha na ulipe. Alhamisi tarehe 20 Agosti, saa tatu asubuhi Litein. Hii ni ya mama. Anaangalia salio. Pesa ikiwa imefika, analipa shule kwa nambari ya Paybill siku hiyo hiyo, halafu Ijumaa asubuhi anampigia mhasibu kuthibitisha.

Kwa nini kikumbusho cha mama ni Alhamisi na sio Ijumaa? Tuseme pesa haijafika. Saa tatu asubuhi ya Litein ni saa saba usiku huko, kijana yuko kazini. Mama anamwachia ujumbe. Anatoka zamu saa moja asubuhi, anausoma, na huku ni saa tisa alasiri ya Alhamisi. Anatuma kwa kadi. Mama anaweza kulipa jioni au Ijumaa asubuhi, kabla ya saa sita. Ule ujumbe mmoja umepata muda wa kwenda na kurudi. Kikumbusho kikiwa Ijumaa asubuhi, jibu lingefika baada ya siku ya mwisho.

Jinsi ya kuweka kwenye simu

Kwenye kalenda ya simu ya kisasa, fungua tukio jipya, zima `All-day`, weka tarehe na saa. Kisha tafuta sehemu iliyoandikwa `Time zone`. Watu wengi huiruka. Hapo ndipo unaiambia simu saa hiyo ni ya wapi. Kwa kikumbusho cha tatu, hata kama kijana ndiye anayekiandika akiwa Minneapolis, achague Nairobi. Simu yake itamwonyesha saa saba usiku, ya mama itaonyesha saa tatu asubuhi, na zote mbili ni sahihi.

Kama tukio linajirudia, hiyo sehemu ni muhimu zaidi. Tukio la kila wiki lililowekwa kwa saa za Nairobi litabaki palepale kwa mama mwaka mzima, na kwa kijana litasogea saa moja Novemba. Lililowekwa kwa saa za Minneapolis litafanya kinyume. Hakuna lililo baya. Jiulize tu ni nani hawezi kusogeza ratiba yake. Kwa simu ya jioni ya familia, kijana wa zamu ndiye hawezi, basi tumieni saa zake. Kwa siku ya shule, shule ndiyo haiwezi.

Na kama mama ana kabambe? Hakuna shida. Simu hiyo haijui saa za nchi nyingine, na haihitaji kujua. Weka kengele ya saa tatu asubuhi siku hiyo, ama mjukuu aandike kwenye kalenda ya ukutani jikoni. Kazi ya mama inafanyika Litein, kwa saa za Litein.

Mitego miwili ya kuandikiana

Wa kwanza ni saa ya Kiswahili. Mama akiandika "nipigie saa 2", anamaanisha saa mbili, ambayo kwa simu ni 8:00. Kijana ambaye amekaa nje miaka sita anaweza kusoma 2:00. Mmepotezana kwa masaa sita kabla hata ya kuhesabu tofauti ya nchi. Mkiongea, endeleeni na saa mbili yenu. Mkiandika, andikeni kama simu inavyoonyesha, kwa masaa 24, na mtaje mahali: "08:00 Litein".

Vilevile, "Ijumaa usiku saa nane" kwa simu tayari ni Jumamosi, 02:00. Ukichagua Ijumaa, kengele italia siku nzima kabla ya wakati.

Mtego wa pili ni tarehe. Sisi tukiandika 7/8 tunamaanisha tarehe 7 Agosti. Marekani mwezi hutangulia, kwa hivyo 7/8 ni tarehe 8 Julai. Tarehe kama 21/8 haina utata kwa sababu hakuna mwezi wa 21, lakini zile za kuanzia 1 mpaka 12 ndizo hudanganya. Andika jina la mwezi, basi.

Ujumbe mzuri wa familia unaweza kuwa hivi:

> Karo muhula wa 3 pamoja na deni: 14,107. Mwisho Ijumaa 21 Agosti, 12:00 Litein (04:00 kwako). Itoke mshahara wa 7 Agosti. Tuma Jumatano 12 Agosti. Mama ataangalia Alhamisi 20 Agosti, 09:00 Litein.

Mtume mara moja, na muubandike juu kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia ili usimezwe na salamu.

Na walio Ghuba?

Kwa jamaa walio Doha au Riyadh, habari njema ni kwamba saa zao ni sawa na zetu kabisa. Dubai na Muskati wako mbele yetu kwa saa moja tu. Na hakuna hata mmoja wao anayebadilisha saa katikati ya mwaka.

Tofauti yao iko kwa wikendi. Saudia na Qatar hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Kwa hivyo ile Ijumaa tarehe 21, ambayo huku ni siku ya kazi, huko benki zimefungwa. Dada aliye Doha anayepitia benki ahesabu Alhamisi tarehe 20 kama siku yake ya mwisho kabisa, na siku za kazi kabla yake ziwe Jumapili mpaka Alhamisi. Falme za Kiarabu zilihamia wikendi ya Jumamosi na Jumapili mwaka 2022, na Ijumaa ofisi nyingi za serikali hufanya nusu siku. Kumbuka pia kwamba kwa wanaofanya kazi za nyumbani, siku ya mapumziko ndiyo siku ya kushika simu kwa utulivu. Kikumbusho cha "tuma" kiwekwe siku ambayo anaweza kutuma kweli, hata kama ni siku tisa kabla.

Kabla ya kufunga simu

Januari inakuja na karo ya asilimia 50. Kwa mfano wetu hiyo ingekuwa zaidi ya shilingi 20,000, na tofauti ya Minneapolis itakuwa masaa 9. Mwaka Mpya nayo ni sikukuu ya benki Marekani, kwa hivyo inakula siku moja ya kazi wiki hiyo hiyo ya mwisho. Utaratibu ni uleule: anza na siku ya shule kwa saa za Kericho, rudi nyuma mpaka siku ya kazi iliyotangulia, toa siku za kutuma, kisha tafuta mshahara ulio kabla ya hapo.

Jumapili hii mkiongea na kijana, muulize swali moja tu: "Mshahara wako unaingia tarehe gani mwezi wa Agosti?" Akishakujibu, hivyo vikumbusho vitatu mnaweza kuviweka hapo hapo kabla ya kuagana.